Gramu 42 kwa Siku: Barua kwa Mgonjwa Wangu wa Figo

Shikamoo Mwalimu,

Ulipokuwa unatoka kliniki uliniuliza kwa nini nimekuandikia gramu 42 za protini kwa siku, na si 40 wala 50, na ukataka kujua kitatokea nini siku utakapokula 43. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikakupa jibu fupi ambalo halikukutosha. Nimeona ni afadhali nikuandikie kwa utulivu, ili wewe na binti yako anayekupikia msome pamoja, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshika mizani na mwiko.

Nianze na lile la 43, maana jibu lake ni jepesi: hakitatokea kitu. Mwili hauna kengele inayolia gramu moja ikizidi. Namba 42 ni wastani ninaotaka uukaribie siku baada ya siku, kwa miezi na miaka. Hata hivyo, namba hiyo ina upande wa pili ambao wagonjwa wengi huwa hawauoni. Nimekuwekea isizidi, na nimekuwekea pia isipungue. Katika miaka niliyofanya kazi hii, waliodhurika kwa kula protini kidogo mno wamenihangaisha kuliko waliozidisha kidogo, na ndiyo maana sehemu kubwa ya barua hii inawahusu wao.

Protini unayokula huvunjwavunjwa tumboni, na mwili huchukua unachohitaji kwa ajili ya misuli, damu, ngozi na kinga. Wanga na mafuta yakizidi mwili huyaweka akiba, lakini protini ya ziada haina ghala. Huchomwa, na naitrojeni iliyokuwa ndani yake hugeuzwa na ini kuwa urea, ambayo ni lazima itolewe na figo. Pamoja na urea hubaki asidi na fosfati, navyo njia yake ya kutokea ni hiyo hiyo. Figo zako kwa sasa zinachuja mililita 24 kwa dakika, wakati kijana mwenye figo nzima huchuja takriban 100 au zaidi. Taka zinazotoka kwenye sahani kubwa ya nyama ni zile zile kwenu nyote wawili, ila wewe huzitoa polepole zaidi, nazo zinapolimbikana ndipo unapopata ile ladha mbaya mdomoni asubuhi na kichefuchefu ulichonieleza.

Ipo sababu ya pili, isiyoonekana kwenye dalili. Mlo wenye protini nyingi huongeza mtiririko wa damu na shinikizo ndani ya vichujio vya figo. Figo ikiwa imeshapoteza vichujio vingi, vile vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa, na kuvisukuma zaidi huvichosha navyo. Wazo hili lilielezwa kwa kina mwaka 1982 na Barry Brenner na wenzake, na tangu hapo limekuwa msingi wa ushauri tunaoutoa. Sitaki nikupe tumaini lisilo na kipimo, Mwalimu. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba faida ya kupunguza protini katika kuchelewesha kudhoofika kwa figo ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Dawa zako za shinikizo la damu zina uzito mkubwa zaidi katika hilo. Kikomo cha protini husaidia kwa sehemu, na faida ambayo mgonjwa huiona mwenyewe mapema ni kupungua kwa kichefuchefu, asidi na fosfati.

Sasa nieleze namba yenyewe. Siku ile ulipima kilo 64 kwenye mizani yetu, lakini miguu yako ilikuwa imevimba, na daktari alikadiria kwamba kilo nne kati ya hizo ni maji. Maji hayahitaji protini. Kwa hiyo nilihesabu kwa kilo 60, ambazo ndizo uzito wako halisi bila uvimbe. Ukiona mtu amepewa kikomo kilichokokotolewa kwa uzito wenye maji, ujue amepewa gramu asizozihitaji. Mtu mnene sana pia huwa hatuhesabu kwa uzito wake wote.

Baada ya uzito huja kizidisho, na hapa wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unapendekeza gramu 0.55 hadi 0.60 kwa kila kilo ya uzito kwa mgonjwa asiye na kisukari ambaye hali yake ni tulivu na hajaanza kusafishwa damu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unataja gramu 0.8, na kuwaonya walio katika hatari ya kudhoofika zaidi wasivuke gramu 1.3. Kwa kilo zako 60, mwongozo wa kwanza ungekupa gramu 33 hadi 36, na wa pili ungekupa 48. Mimi na daktari wako tulikaa katikati kwa makusudi, tukachukua 0.7, na 0.7 mara 60 ni 42. Tulifanya hivyo kwa sababu urea yako ilikuwa juu na ilikusumbua, kwa hiyo 48 tuliiona ni nyingi kidogo kwa kuanzia. Lakini pia ulikuwa umeshapungua uzito kabla hujafika kwetu, na mtu aliyekwishapungua simpeleki kwenye 36 hata kama kitabu kinaruhusu. Daktari mwingine angeweza kukupa namba tofauti kidogo, na asingekuwa amekosea.

Ulishangaa nilipokuambia kwamba ulikuwa ukila kama gramu 75 kwa siku, wakati daftari uliloniletea, ambalo uliliandika kwa uaminifu wote, lilijumlishwa na kutoa kama 50. Sikuzipata 75 kwa kukisia. Zilitoka kwenye ule mkojo wa saa 24 uliotuletea. Kwa kuwa naitrojeni ya protini hatimaye hutoka zaidi kwa njia ya mkojo, na mtu ambaye hali yake ni tulivu hutoa kiasi kile kile anachoingiza, maabara ikipima naitrojeni ya urea katika mkojo wa siku nzima tunaweza kurudi nyuma hadi kwenye sahani. Mkojo wako ulikuwa na gramu 10.2. Naitrojeni inayotoka kwa njia nyingine, kama vile choo na ngozi, tunaikadiria kuwa gramu 0.031 kwa kila kilo ya uzito, ambayo kwako ni 1.86. Jumla ni takriban 12.06. Kila gramu ya naitrojeni inawakilisha gramu 6.25 za protini, na ukizidisha unapata gramu 75.

Tofauti ya gramu 25 kati ya daftari na mkojo haimaanishi kwamba ulidanganya, na naomba jambo hili uliondoe moyoni. Tulipopitia daftari pamoja na binti yako tuliziona mahali zilipojificha. Kulikuwa na "kipande kimoja cha nyama" ambacho mimi nilikihesabu kuwa gramu 90, kumbe kikipimwa kina 150. Kulikuwa na maharage yaliyoandikwa kwenye safu ya mboga, kana kwamba hayana protini, ilhali gramu 100 za maharage yaliyoiva zina kama gramu 9. Na kulikuwa na maziwa yaliyoingia kwenye chai mara nne kwa siku bila kuandikwa, kwa sababu hakuna anayeiona chai kuwa ni chakula. Karibu kila daftari ninalosoma lina mashimo haya matatu, na ndiyo maana siku hizi siongezi wala sipunguzi gramu za mtu kabla ya kuona mkojo wake.

Hebu tuzigawe sasa hizo 42 katika siku moja ya kawaida. Asubuhi unakunywa chai yenye mililita 100 za maziwa, ambazo zina gramu 3 za protini, pamoja na vipande viwili vya mkate vyenye gramu 5, vikiwa vimepakwa siagi na asali kwa ukarimu. Mchana unakula gramu 250 za wali ulioiva, wenye gramu 7, gramu 45 za kuku aliyeiva asiye na mfupa, mwenye gramu 13, na mboga za majani za kutosha kiganja, zenye kama gramu 2, zikiwa zimekaangwa kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Jioni unakula gramu 200 za viazi, zenye gramu 4, yai moja lenye gramu 6, na mboga kidogo yenye gramu 1, navyo vikipikwa kwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Matunda ya siku nzima hayazidi gramu 1. Jumla yake ni 42. Viazi nimevikubali kwa sababu potasiamu yako ni ya kawaida. Ikipanda tutavizungumzia upya, na hilo litakuwa somo jingine.

Utaona kwamba kuku, yai na maziwa vimechukua gramu 22, zaidi kidogo ya nusu. Protini ya wanyama ina mchanganyiko kamili wa vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo gramu zikiwa chache ni vyema sehemu yake nzuri itoke huko. Lakini si lazima iwe hivyo kila siku. Binti yako akitaka kubadilisha, gramu 150 za maharage yaliyoiva zinachukua nafasi ya zile gramu 45 za kuku, kwani zote hutoa gramu 13, na fosfati ya maharage hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko ya nyama. Kinachofanyika mara nyingi, nami naomba kisifanyike kwenu, ni kuweka maharage hayo pembeni ya kuku badala ya mahali pake.

Kuhusu mizani ya jikoni, gramu ninazotaja zote ni za chakula kilichokwisha kuiva. Nyama ikipikwa hupoteza maji na uzito wake hupungua kama robo, lakini protini hubaki ndani yake. Kipande cha gramu 60 kikiwa kibichi hubaki na kama 45 kikiiva. Nilipata kumhudumia bwana mmoja aliyekuwa akifuata kila nililomwambia, na bado mkojo wake ukawa unaonyesha gramu kadhaa pungufu ya mpango. Ilibainika kwamba nyumbani kwao mizani ilitumika vizuri sana, ila walipima mifupa pamoja na nyama kwenye mlo mmoja na nyama mbichi kwenye mlo mwingine, na njia zote mbili zilimpunguzia protini. Pimeni mara zote kitu kilichoiva, kikiwa kimetolewa mfupa, kabla hakijaingia kwenye mchuzi. Baada ya mwezi mmoja hivi jicho la binti yako litakuwa limezoea, na mizani mtaitoa mara moja moja tu ili kulisahihisha jicho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nikuandikie. Umeona nilivyorudia habari ya mafuta, siagi na asali, vitu ambavyo huenda umeambiwa maisha yako yote uvipunguze. Mlo niliokuandikia una takriban kilokalori 1,750, na mahitaji yako kwa kilo 60 ni karibu 1,800. Vile vijiko vinne vikubwa vya mafuta peke yake vinatoa kama 480. Ukiviondoa kwa kuogopa mafuta, utabaki na kama 1,270, na hapo mpango wote unaharibika. Mwili usipopata nguvu za kutosha kutoka kwenye wanga na mafuta, hugeukia protini na kuichoma kama kuni. Huanza na gramu 42 ulizokula, ambazo badala ya kujenga misuli zinageuka urea ile ile tuliyotaka kuipunguza, kisha huhamia kwenye misuli yako mwenyewe. Kwa maneno mengine, mgonjwa wa figo anayekula protini kidogo na nguvu kidogo anaendelea kutumia protini nyingi, ila anaitoa mwilini mwake. Kwa hiyo siku ambayo hamu ya kula imepotea, jambo la kwanza kulinda ni wali, mkate, mafuta na asali, na kuku awe wa pili.

Nimeyaona matokeo yake kwa mama mmoja aliyeletwa kwangu na familia yake. Alikuwa amesikia mahali kwamba protini ni sumu kwa figo, akaacha nyama, mayai, maziwa na kunde zote kwa mpigo, na kwa kuwa alikuwa pia ameogopeshwa habari ya mafuta, akaacha na mafuta. Vipimo vyake vilikuwa vimewafurahisha watu wote nyumbani. Urea ilikuwa imeshuka, na kreatinini nayo ilikuwa imeshuka, kwa hiyo waliamini kwamba figo zinapona. Nilipomwomba aninyanyulie mikono niliona ngozi ya juu ya kiwiko imelegea, pete imefungwa uzi ili isidondoke, na kusimama kutoka kwenye kiti kulimhitaji ashike meza. Kreatinini hutengenezwa na misuli. Misuli ikipungua, kreatinini inayoingia kwenye damu hupungua pia, na figo zinaweza kuonekana zimepata nafuu huku hazijabadilika hata kidogo. Yule mama alikuwa amepoteza misuli, na karatasi ya maabara ikampongeza.

Kutokana na watu kama yeye nimejifunza kutosoma namba ya urea peke yake. Urea ikishuka huku uzito umetulia na nguvu za mikono zipo, hiyo ni kazi nzuri. Urea ikishuka pamoja na uzito, hiyo ni hatari, na haraka tunapaswa kuongeza chakula. Albumini, yaani protini kuu ya damu, husaidia kidogo, lakini isikutishe wala kukutuliza peke yake, kwa maana hushuka pia mtu anapokuwa na maambukizi au anapopoteza protini nyingi kwenye mkojo. Kwako wewe upo ugumu mmoja zaidi: uvimbe wa miguu unaweza kuficha kupungua kwa mwili, kwani kilo mbili za misuli zikiondoka na kilo mbili za maji zikaingia mizani haitasema lolote. Ndiyo maana nilipima mzunguko wa mkono wako wa juu kwa utepe na kuuandika kwenye faili, na ndiyo maana nitaupima tena kila utakapokuja. Nyumbani angalieni mikono ya shati na ukanda wa saa, na uangalie kama unaweza kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisaidia kwa mikono. Ukipoteza zaidi ya kilo tatu ndani ya miezi mitatu bila kukusudia, nipigieni simu, msingoje tarehe ya kliniki.

Uliniuliza pia swali ambalo linaonekana lina mantiki, nalo ni kwamba ikiwa mkojo wako una povu kwa sababu protini inavuja, je, haifai ule zaidi ili kufidia? Kipimo chako kilionyesha kwamba unapoteza gramu 1.2 kwa siku. Hicho ni kiasi kidogo sana ukikilinganisha na 42 unazokula, ni kama sehemu ya tano ya yai moja. Uvujaji huo unatuhangaisha kwa sababu ni dalili kwamba vichujio vimeharibika, wala si kwa sababu unakupunguzia lishe. Ukiongeza nyama ili kufidia, utaongeza shinikizo kwenye vichujio hivyo hivyo, na mara nyingi uvujaji huongezeka. Kwa sababu hiyo hiyo achana na unga wa protini wa kuongeza misuli ambao kijana wako alikununulia kwa nia njema. Kijiko chake kimoja cha kupimia kinaweza kuwa na gramu 20 au zaidi, yaani karibu nusu ya siku yako.

Yapo mazingira ambayo kikomo hiki ni lazima kiwekwe kando, na ningependa uyajue mapema ili usije ukakishikilia kwa uaminifu mahali pasipofaa. Ukipata homa kali, nimonia, kidonda kikubwa au ukifanyiwa upasuaji, mwili huhitaji protini zaidi kwa ajili ya kupambana na kujenga upya. Mwambie daktari wa wodi kwamba uko kwenye gramu 42, kisha mwache aamue kuongeza, na usikatae mlo wa hospitali kwa sababu ya barua yangu. Ukishindwa kula kabisa kwa siku mbili au tatu, suala la kupunguza protini halipo tena. Na endapo siku moja itabidi uanze kusafishwa damu kwa mashine, ushauri utageuka kabisa. Usafishaji wenyewe huondoa sehemu ya vijenzi vya protini, na mahitaji hupanda kufikia gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, ambazo kwako ni 60 hadi 72. Wagonjwa waliozoea kujinyima kwa miaka huona vigumu kuamini kwamba sasa wanaruhusiwa, tena wanatakiwa, kula kuku mkubwa zaidi. Nimewahi kubishana na mmoja kwa miezi kadhaa juu ya yai la pili.

Kuhusu sherehe na wageni, sitakuandikia mengi. Ukila kipande kikubwa siku moja, siku inayofuata rudi kwenye mpango wako wa kawaida, na usijinyime kabisa ili kulipa deni, kwa sababu siku ya kujinyima huanzisha ule uchomaji wa misuli niliousema. Angalizo langu ni moja tu: mlo huo usiwe jioni ya kuamkia siku ya kipimo cha damu. Nyama iliyopikwa huwa na kreatinini ndani yake, nayo hupandisha kipimo kwa saa kadhaa, na daktari anaweza kudhani figo zimeshuka ghafla. Jioni hiyo kula yai lako au maharage.

Chumvi sikuigusa katika barua hii ingawa inastahili, kwa kuwa daktari ameshakueleza, nami naona kikomo kimoja kikieleweka vizuri ni afadhali kuliko vinne vikichanganywa.

Utakaporudi baada ya miezi mitatu tutahitaji mkojo mwingine wa saa 24. Ukusanyaji wake ukikosewa namba zote hapo juu hazina maana, kwa hiyo naomba mfuate utaratibu huu. Siku ya kuanza, ukiamka, mkojo wa kwanza utupe chooni na uandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye chombo, mchana na usiku, pamoja na ule unaotoka unapokwenda haja kubwa, ambao ndio husahaulika zaidi. Kesho yake saa ile ile kojoa tena, na huo nao uuweke. Chombo kikae mahali pa baridi. Ukimwaga mara moja kwa bahati mbaya, usione haya kuniambia, tutaanza siku nyingine. Mkojo pungufu utanionyesha kwamba unakula protini kidogo kuliko ukweli, nami ninaweza kukuongezea gramu usizozihitaji. Nitaligundua hata usiposema, kwa sababu maabara hupima pia kreatinini ya mkojo huo, ambayo kwa mtu mmoja haitofautiani sana kati ya siku na siku, na nikiona imeshuka kwa theluthi nitajua chombo hakikujaa.

Kama mpango unafuatwa, safari hii naitrojeni ya urea inapaswa kuwa karibu na gramu 4.9 badala ya 10.2. Ikija 6 sitalalamika, maana hiyo ni kama gramu 49 za protini, na kwa miezi mitatu ya kwanza ni hatua kubwa. Ikija 3 nitakuita mapema, kwa kuwa hiyo ni kama gramu 30, na hizo hazikutoshi.

Njoo na binti yako, daftari, na ile mizani ya jikoni ili tuilinganishe na ya kwetu.

Wako katika huduma,
Mtaalamu wako wa lishe